Waliolipa Walilipia Lebo: Sauti Mbili Kutoka Dallas–Fort Worth

Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongelea dipfeki, yaani video na sauti bandia zinazotengenezwa na kompyuta hadi mtu anaapa ni za kweli. Wengi mmeandika mkiuliza swali moja: kwani sheria inasema nini mtu akichukua sauti yangu bila kuniuliza? Dakika 40 hazikutosha kulijibu, kwa hiyo nimelileta huku. Na njia niliyoichagua ni ya historia, kwa sababu sisi tunaoishi Dallas–Fort Worth tunakaa mahali ambapo mambo mawili makubwa ya sauti za mashine yalipitia. La kwanza ni la 1978. La pili ni la Januari 2024. Ukiyaweka pamoja unaona kitu ambacho habari za televisheni zilikipita haraka sana.

Tuanze na la zamani. Kampuni ya Texas Instruments, hapa Dallas, ilitoa mwaka 1978 kifaa cha watoto kinaitwa Speak & Spell. Kilikuwa cha plastiki, kina vitufe vya herufi na mpini wa kubebea. Kinakutamkia neno, wewe unaliandika, kinakuambia umepata au umekosa. Kama umeiona filamu ya E.T. ya 1982, umekiona: ndicho yule mgeni wa anga anachokitumia kuunda mtambo wa kupigia simu kwao. Mradi wenyewe ulianza 1976 na bajeti ya dola 25,000 tu. Mhandisi Paul Breedlove ndiye aliyetoa wazo, na Richard Wiggins akashughulikia hesabu za sauti.

Shida yao ilikuwa nafasi. Sauti ni kitu kizito kukihifadhi, na kumbukumbu ya kompyuta wakati ule ilikuwa ghali na ndogo. Wakaitatua hivi. Sauti ya binadamu ina sehemu mbili: kuna mtetemo unaotoka kooni, halafu kuna umbo la mdomo na ulimi linalougeuza mtetemo ule kuwa “a” au “i” au “o”. Badala ya kurekodi sauti nzima, waliandika namba chache tu zinazoeleza umbo la mdomo, na wakaziandika upya mara 40 kwa kila sekunde. Chipu iliyo ndani ya kifaa inatoa mtetemo wake yenyewe, halafu inaupitisha kwenye zile namba. Ndiyo maana sauti yake inasikika kavu kama roboti. Koo ni la mashine, mdomo ni wa mtu.

Na huyo mtu alikuwepo kweli. Alikuwa mtangazaji wa redio wa hapa Dallas, aliyeitwa studio akasoma orodha ya maneno, neno baada ya neno. Baadaye wataalamu walilisikiliza kila neno na kulisahihisha kabla halijaingia kwenye chipu. Kifaa kiliweza kusema yale tu ambayo yeye aliyasoma. Kama hakusoma neno, halipo, na hakuna ujanja.

Shikilia hapo kidogo, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu inapoanzia. Mwaka 1978 ruhusa ilikuwa ndani ya teknolojia yenyewe. Huwezi kupata sauti ya mtu bila kumwita, kumkalisha mbele ya maikrofoni, na kumwambia unataka aseme nini. Alijua ni kazi gani, alijua maneno ni yapi, alijua yanaenda wapi. Hakuna aliyehitaji kutunga sheria ya kulinda jambo hilo, maana mashine isingefanya kazi bila yeye kukubali.

Sasa turuke miaka 45. Kunakili sauti siku hizi hakuhitaji orodha ya maneno. Programu inafunzwa kwanza na sauti za watu wengi sana, mpaka inajua jinsi watu wanavyozungumza kwa jumla: pumzi, kusita, kupanda na kushuka. Ikishajua hayo, inahitaji mfano mdogo tu wa sauti yako ili ijue wewe unatofautianaje na wengine. Januari 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha mfumo unaotosheka na sekunde 3. Machi 2024 OpenAI ilionyesha wa kwao unaohitaji sekunde 15. Sekunde 15 ni voisi moja ya WhatsApp ya shangazi anayeuliza kama umekula. Baada ya hapo unaandika sentensi yoyote, na sauti yake inaisema. Mwenye sauti hayupo studio. Hajui hata kama kuna studio.

Ndivyo ilivyotokea kwenye jambo la pili.

Tarehe 21 Januari 2024, siku mbili kabla ya uchaguzi wa mchujo wa jimbo la New Hampshire, simu zikaanza kulia kwenye nyumba za wapigakura wa chama cha Democratic. Ukipokea, unamsikia Rais Joe Biden, na lile neno lake analopenda la kusema mambo ni upuuzi. Anakushauri usipige kura Jumanne ile, eti itunze kura yako kwa ajili ya Novemba. Ushauri wenyewe ulikuwa uongo, kwani kupiga kura kwenye mchujo hakukuzuii kupiga tena Novemba. Simu zaidi ya 9,500 zilipigwa. Biden hakuwahi kusema maneno yale.

Aliyeagiza ni mshauri wa siasa anayeitwa Steve Kramer. Sauti aliitengeneza mcheza mazingaombwe mmoja wa New Orleans, ambaye aliwaambia waandishi wa NBC kwamba alilipwa dola 150, kazi ilimchukua chini ya dakika 20, na gharama ya programu ilikuwa dola 1. Alisema hakujua itatumika vipi.

Na simu zilipita wapi? Mwanasheria mkuu wa New Hampshire alipofuatilia, njia ilimleta Texas. Februari 2024 alitangaza kwamba chanzo cha simu ni kampuni ya Life Corporation, ambayo iko Arlington, ndiyo, Arlington hii yetu iliyo kati ya Dallas na Fort Worth. Kampuni ya simu iliyoziingiza kwenye mtandao ni Lingo Telecom, nayo ya Texas.

Hapa inabidi nieleze jinsi simu inavyosafiri, maana kesi nzima imekaa hapo. Tangu 2021 kampuni kubwa za simu za Marekani zinatakiwa kuweka muhuri kwenye kila simu wanayoiingiza mtandaoni. Mfumo unaitwa STIR/SHAKEN. Muhuri una ngazi tatu. A maana yake: namjua mteja huyu, na najua ana haki ya kutumia namba hii. B maana yake: namjua mteja, lakini sijui kuhusu namba. C maana yake: simu imepitia kwangu tu, siwezi kuidhamini. Muhuri huo ndio unaosaidia simu yako kuamua ikuandikie onyo au ikuache upokee.

Zile simu za Biden bandia zilionyesha kwenye skrini namba inayohusishwa na Kathy Sullivan, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa Democratic pale New Hampshire. Hakuwa amepiga, wala hakuwa ametoa ruhusa. Kumbe kulikuwa na watu wawili waliochukuliwa bila kuulizwa: mmoja sauti, mwingine namba. Na Lingo, kwa maelezo ya FCC, ambayo ni tume ya serikali inayosimamia mawasiliano, ilizipa simu hizo muhuri wa A. Yaani lebo ilisema “tumehakiki”, na hakuna aliyekuwa amehakiki.

Kwa nini sikio la mpokeaji halikumsaidia? Sababu moja ni simu yenyewe. Laini ya kawaida ya simu hukata sehemu ya juu ya sauti, kiasi kwamba “s” na “f” zinakaribiana na pumzi inapotea. Kasoro nyingi za sauti ya kunakiliwa huwa huko huko juu. Kwa hiyo ukiisikia sauti bandia kwenye spika nzuri unaweza kushtuka, lakini ikipita kwenye simu inasafishwa bure. Hilo lenyewe ni onyo kwa wale wanaosema “mimi nitamjua tu mama yangu”. Kwenye laini mbovu, saa nane usiku, si lazima.

Sasa tuje kwenye swali lenu: sheria ilifanya nini?

Tarehe 8 Februari 2024 FCC ilitamka kwamba sauti iliyotengenezwa kwa akili mnemba inahesabiwa kuwa “sauti ya kubuni” chini ya sheria ya simu ya 1991. Maana yake, huwezi kumpigia mtu kwa sauti hiyo bila ruhusa. Magazeti yakaandika kwamba sauti za akili mnemba zimepigwa marufuku kwenye simu. Lakini soma vizuri: ni ruhusa ya nani inayotakiwa? Ya anayepokea simu. Sheria ile ilitungwa kumlinda mtu asisumbuliwe wakati anakula. Inauliza kama sikio limekubali. Haiulizi kama mdomo ulikubali.

Agosti 2024 Lingo ikakubali kulipa dola milioni 1. Kwa kosa gani? Kwa kuweka muhuri bila kuhakiki. Septemba 2024 Kramer akatozwa faini ya dola milioni 6. Kwa kosa gani? Kwa kuonyesha namba isiyo yake kwa nia ya kudanganya. Halafu Juni 2025 alifikishwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama huko New Hampshire, kwa mashtaka ya kuwazuia watu kupiga kura na ya kujifanya mgombea. Yeye alisema alifanya vile kuonya taifa juu ya hatari ya akili mnemba. Mawakili wake wakajenga hoja kwamba mchujo ule haukuwa uchaguzi halisi, kwa sababu chama cha taifa hakikuutambua, na kwamba jina la Biden halikuwa hata kwenye karatasi ya kura. Baraza likamwachia kwa mashtaka yote.

Ukizijumlisha adhabu za FCC unapata jambo la ajabu. Pesa zote ilizoamuru zililipwa au kudaiwa kwa sababu ya lebo: namba ya uongo, muhuri wa uongo. Kwa kitendo chenyewe cha kuchukua sauti ya mtu na kuiwekea maneno, hakuna faini hata ya dola moja iliyoamriwa hapo. Na huyu alikuwa rais wa Marekani, mwenye mawakili na walinzi. Fikiria bibi yako.

Mtu atasema, lakini Texas si ina sheria ya dipfeki? Inayo, na ilitangulia majimbo mengi. Mwaka 2019 ilipitisha sheria inayofanya kuwa kosa kutengeneza na kusambaza dipfeki ndani ya siku 30 kabla ya uchaguzi, kwa nia ya kumdhuru mgombea au kupindua matokeo. Adhabu inaweza kufika mwaka mmoja jela na faini ya dola 4,000. Lakini waliotunga walikuwa na picha moja kichwani: video. Neno lililoandikwa kwenye sheria ni video. Sauti tupu ya simu, kama ile iliyotoka Arlington, haimo kwenye tafsiri hiyo. Miaka mitano baadaye hatari ikaja bila picha.

Ruhusa ya mwenye sura iliingia kwenye sheria ya taifa kwa mlango mwingine kabisa, na mlango huo nao uko huku kwetu. Mwaka 2023, Aledo, mji mdogo magharibi mwa Fort Worth, picha za wasichana wa shule zilichukuliwa mitandaoni na kugeuzwa kwa programu zionekane za uchi, halafu zikasambazwa. Mmoja wao alikuwa na miaka 14. Familia ilihangaika miezi mingi kuziondoa. Seneta Ted Cruz, ambaye nyumbani kwake ni Houston, pamoja na Amy Klobuchar wa Minnesota, wakapeleka muswada, na tarehe 19 Mei 2025 ukasainiwa kuwa sheria iitwayo TAKE IT DOWN Act. Inafanya kuwa kosa kusambaza picha za faragha bila ruhusa, za kweli au za kutengenezwa, na inazitaka tovuti ziziondoe ndani ya saa 48 baada ya mhusika kulalamika.

Ndani yake kuna sentensi ambayo kwangu ni ya maana kuliko zote: mtu kukubali picha itengenezwe si sawa na kukubali isambazwe. Ni ruhusa mbili tofauti. Mtangazaji wa Dallas wa 1978 alizitoa zote mbili kwa pamoja, kwa sababu kazi ilikuwa moja na aliijua. Leo zinaachana, na kila moja inabidi iombwe peke yake. Ila sheria hii inahusu picha za faragha tu. Sauti ya shangazi ikiomba pesa haimo.

Basi kwa hayo yaliyobaki nje ya sheria, kazi ni yetu. Chukua mfano ambao najua wengi mnaufikiria, kwa sababu mmeniuliza. Una video ya babu akisimulia safari yake, kwa Kiswahili cha ndani kabisa. Wajukuu wa Houston hawamwelewi. Kuna programu inayoweza kumfanya babu azungumze Kiingereza, kwa sauti yake mwenyewe, na midomo ikafuata. Si uhalifu, na nia ni njema. Lakini angalia kilichotokea: sasa ipo video ambayo babu anasema sentensi ambazo hajawahi kuzisema, kwa lugha asiyoijua.

Kitu cha kwanza ni kumwonyesha, siyo kumwuliza tu. Ukimwambia “babu, nitatafsiri video yako”, atakubali akidhani utaandika maneno chini. Tengeneza nusu dakika, mwonyeshe, halafu uliza. Uliza maswali mawili, kama sheria ile inavyotenganisha: naweza kuitengeneza? Na naweza kuituma kwa nani? Familia ni kitu kimoja, Facebook ni kingine. Akikubali leo video hii, hajakubali kesho salamu za Krismasi utakazomwandikia wewe. Kila maneno mapya ni ruhusa mpya, kama vile kila neno la Speak & Spell lilivyohitaji mtu alisome.

Kama ameshafariki, Texas ina sheria ya 1987 inayosema jina, sauti, saini na sura ya mtu ni mali inayobaki kwa warithi wake kwa miaka 50 baada ya kifo. Ilitungwa watu wakiwa na wanamuziki na matangazo ya biashara mawazoni, kwa hiyo usitegemee itaamua ugomvi wa binamu. Lakini wazo lake ni sahihi: sauti ya marehemu ina wenyewe, na si lazima uwe wewe peke yako.

Kitu cha pili ni lebo. YouTube, tangu Machi 2024, inawataka wanaopandisha video waseme kama ina kitu cha kutengenezwa kinachoonekana halisi. Ni vizuri, lakini lebo ya YouTube inakaa YouTube. Video ikipakuliwa na kutumwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha wana-Arlington, maelezo ya chini yanabaki nyuma. Kwa hiyo lebo ya kweli inachomwa ndani ya picha yenyewe, na inakaa pale kwa muda wote ambao sauti bandia inasikika. Ikiwa mwanzoni tu, mtu atakata kipande cha katikati na lebo itapotea. Iwe kwa lugha zote mbili, maana wanaodanganyika kwa urahisi mara nyingi ni wale wanaosoma moja tu.

Na iseme kitu kamili. “Imetengenezwa kwa akili mnemba” haitoshi, kwa sababu haisemi nini. Kwa video ya babu ningeandika hivi: “Picha ni halisi, 2019. Sauti ya Kiingereza imetengenezwa kwa kompyuta, kwa ruhusa yake. Maneno yametafsiriwa na mjukuu.” Hapo mtazamaji anajua kipi ni cha babu na kipi ni chako. Mistari mitatu mifupi, inasomeka kwa sekunde tano.

Lakini usiandike “kwa ruhusa yake” kama hukuomba. Hilo ndilo lililofanywa na muhuri wa A. Watu hawakudanganyika kwa sauti peke yake siku ile ya Januari. Walipokea simu kwa sababu namba ilionekana ya mtu, na mtandao uliipitisha kwa sababu muhuri ulisema imehakikiwa. Lebo ya uongo ni mbaya kuliko kukosa lebo, kwa sababu asiyeona lebo bado anaweza kushuku.

Na ukipokea wewe, sauti ya mtu wako ikiomba pesa za msiba au za hospitali, usibishane na sikio lako. Kata simu, piga namba uliyoihifadhi wewe. Akiwa ni yeye kweli, atapokea, na atakuelewa.